Kamisheni ya Novemba imezidi na floti haijapungua, wakala wa Kibirizi naomba msaada wa hesabu

Binti_Kibirizi (4 Desemba 2029, saa 3 usiku)

Wakuu habari za saa hizi. Mi ni wakala wa pesa hapa Kibirizi Kigoma, kibanda kipo karibu kabisa na mwalo, ukishuka kwenye boti za Kagunga unakiona. Si changu, ni cha bosi, laini ni yake mtaji ni wake, mi nakaa tu napata asilimia 40 ya kamisheni mwezi ukiisha.

Sa nina daftari langu naandika kila muamala, tangu nianze kazi sijawahi kuacha hata mmoja kwa sababu kuna siku nilikosea laki mbili nikalipa miezi minne. Novemba nimejumlisha kamisheni yangu inakuja 268,400. Meseji ya kamisheni imeingia inasema 431,900. Nikajua nimekosea nikarudia mara tatu. Bosi nimemuuliza akacheka akasema pokea riziki dada, akanipa asilimia 40 ya ile kubwa.

Kinachonishinda ni hiki, kila jioni nafunga saa moja na nusu, nahesabu keshi najumlisha na floti ya kwenye laini lazima ije milioni nne kamili, asubuhi nafungua nakuta vilevile mpaka shilingi ya mwisho. Kama kuna miamala siijui, pesa yake inapita wapi?

---

Kijana_Gungu

Dada hiyo mbona rahisi, bosi wako anapiga miamala ya kujitengenezea kamisheni. Mawakala wengi wanafanya, mteja analeta laki tano unamgawia mara tano ili kamisheni iongezeke. Yeye atakuwa na simu nyingine ya laini hiyohiyo anaweka anatoa anaweka anatoa usiku kucha. Kula asilimia yako nyamaza.

---

Mama_Mawese

Mwanangu pole. Hao watu wa laini wana mambo sana. Mimi nauza mawese hapa Ujiji, mwaka juzi walipita vijana na mwamvuli wanasajili laini, nikaweka kidole, kijana akasema mama hakijakubali weka tena, nikaweka, hakijakubali, nikaweka mara ya tatu ndo akanipa laini yangu moja. Mpaka leo napigiwa na watu wananidai mkopo wa simu ambao sijakopa.

---

Mtu_wa_Mwanga

Jamani nimetuma 80,000 kwenye namba siyo, nimekosea tarakimu moja, mtu hapokei simu. Wakala unaweza kunirudishia?

---

Binti_Kibirizi

@Mtu_wa_Mwanga wakala hawezi kurudisha, piga huduma kwa wateja sasa hivi kabla hajaitoa, uwe na ile meseji ya muamala wazuie hela. Kila dakika ina maana hapo usisubiri kesho.

@Mama_Mawese pole mama.

@Kijana_Gungu inawezekana, kesho naenda duka la mtandao kuomba statimenti, nimesajiliwa kama msaidizi wa hiyo laini kwa hiyo wananipa ya siku 30.

---

Mzee_wa_Hesabu (5 Desemba)

Binti, nimefanya kazi ya kukagua mawakala miaka mingi kabla sijarudi Kigoma, nikupe cha kuangalia ukiipata hiyo statimenti. Usitafute muamala mkubwa. Tafuta miamala inayokuja miwili miwili. Kwanza mtu anatoa, dakika chache baadaye mtu mwingine anaweka kiasi kilekile, na hakuna mteja mwingine katikati.

Fikiria hivi. Mteja akitoa laki tisa na nusu, floti yako inapanda na keshi inapungua. Akiweka, floti inashuka keshi inapanda. Sasa kama anayetoa hapewi keshi na anayeweka haleti keshi, floti imepanda imeshuka, boksi la hela halijaguswa, milioni nne yako iko palepale. Ndiyo maana hukuona kitu.

---

Binti_Kibirizi (6 Desemba, saa 2 usiku)

Shikamoo mzee. Imekuja kama ulivosema, mikono inatetemeka hapa naandika.

Nina kurasa 19. Mchana yote ni ya kwangu nimeoanisha na daftari inakubali. Usiku kuna mingine siijui kabisa, inaanza saa nne mpaka saa tisa, na mi saa hizo nimelala. Nawapa mmoja, tarehe 21 Novemba. Saa 4:12 usiku, kutoa, 950,000. Saa 4:15 kuweka 950,000 kwenda namba nyingine. Saa 4:31 kutoa 950,000 tena, saa 4:33 kuweka. Usiku huo peke yake ni jozi 14. Alafu siku inayofuata na inayofuata. Alafu kimya karibu wiki mbili hakuna hata mmoja.

Na kitu kingine. Sikuhizi kutoa zaidi ya laki tano lazima kidole si ndiyo, kwenye statimenti kuna safu inaonyesha kidole kimesomwa au hapana. Hii ya usiku yote imeandikwa KIDOLE HAKISOMEKI, MASWALI.

---

Kijana_Gungu

Si nilisema. Anajitengenezea kamisheni huyo.

---

Mzee_wa_Hesabu

Kijana, mchezo unaousema upo na umeuelezea vizuri, ila hapa piga hesabu kidogo. Anayetoa analipa makato, na makato ya kutoa ni makubwa kuliko kamisheni anayopata wakala kwa muamala huo. Mtu akizungusha hela yake mwenyewe kwa njia hiyo kila mzunguko anapoteza. Jozi 14 kwa usiku mmoja ni hasara ya maana. Kwa hiyo kuna mtu yuko tayari kulipa hasara hiyo, maana yake ananunua kitu.

Anachonunua ni kukata mkia. Namba A ikituma moja kwa moja kwa namba B, mtandao unaona A na B wanajuana milele. Lakini A akitoa kwa wakala na B akaweka kwa wakala, rekodi inasema mtu mmoja kachukua keshi akaondoka nayo, na mtu mwingine kabisa kaja na keshi yake. Kibanda chako ndicho mkasi.

Hayo ya maswali badala ya kidole ni mlango uliowekwa kwa nia njema. Wavuvi wa nyavu, watu wa chumvi kule Uvinza, wanawake wa mawese, vidole vimelika havisomeki, wakawekewa utaratibu wa kuulizwa maswali ya usajili. Anayejua majibu ya mtu anapita.

---

Mvuvi_Katonga

Nimesoma hizo tarehe. Dada hebu nitajie usiku mwingine wa mwezi wa kumi kama unao.

---

Binti_Kibirizi

Statimenti inaanza Novemba kaka. Ila kamisheni ya Oktoba nayo ilizidi kidogo nikadhani ni msimu. Usiku wa Novemba ni 19, 20, 21, 22 na 23.

---

Mvuvi_Katonga

Hiyo ni mbalamwezi. Tarehe 21 ulikuwa mwezi mpevu, nakumbuka kwa sababu tulianika nyavu.

---

Binti_Kibirizi (8 Desemba, saa 5 usiku)

Wakuu nimepata kitu kingine na sijui nifanye nini.

Jana panya walikata waya wa sola, nikafungua ile mbao ya chini ya betri nione. Chini ya betri kuna kaunta buku kubwa, imevalishwa gazeti halafu mfuko wa nailoni. Nikajua ni ya wakala aliyekuwepo kabla yangu. Nikafungua.

Imeandikwa kama daftari la samaki. Tarehe, aina, idadi, bei, jumla, alafu tarakimu tatu pembeni. Mwandiko mzuri, wino wa bluu, mistari imepigwa kwa rula. Mfano 21/11, dagaa, ndoo 19, bei 50,000, jumla 950,000, pembeni 286. Mstari wa chini yake kuhe, jumla ileile 950,000, pembeni 903. Kurasa na kurasa hivohivo, inaanzia Machi. Nikaweka statimenti pembeni nikalinganisha tarehe 21, zile jozi 14 zipo zote kwa mpangilio uleule. Dagaa ni kutoa, kuhe ni kuweka. Zile tarakimu tatu ni mwisho wa namba ya simu.

Ukurasa wa mwisho kabisa kuna namba nzima za simu, nimehesabu 41, kila moja imepewa jina la mtumbwi.

Ya 17 inaishia 286. Namba hiyo naijua kwa kichwa tangu nipo darasa la tano. Ni ya baba yangu mdogo.

Baba mdogo alipotea ziwani Agosti mwaka jana, upepo wa kusi, mtumbwi ulikutwa umepinduka upande wa Kagunga na mwili hatujaupata mpaka leo. Tulikaa matanga siku tatu. Na tarehe 21 mwezi uliopita, kwenye kibanda ninachokaa mimi, ametoa 950,000.

---

Mama_Mawese

Ee Mungu wangu. Pole sana mwanangu.

---

Mvuvi_Katonga

Pole dada. Nilimfahamu mtu aliyepotea kusi ile kama ndiye huyo, sitasema jina.

Nikuambie kuhusu hilo daftari. Aliyeandika siyo mtu wa mwalo. Dagaa tunavua kwa taa, giza likiwa nene ndo wanakusanyika chini ya taa unawanyanyua na wavu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, wanatawanyika, unaunguza taa bure. Kwa hiyo wiki ya mbalamwezi vipe, mitumbwi yetu ya dagaa, vyote viko juu ya mchanga, tunashona nyavu, tunalala na familia zetu. Mtu anayeandika ndoo 19 za dagaa mbichi tarehe 21 Novemba, halafu tena 19, halafu tena 19, hizo ndoo alizitoa kwenye mto gani?

Na bei. Elfu hamsini kila usiku tangu Machi? Mbalamwezi dagaa wakiwa hawapo ndoo inapanda karibu mara mbili, giza likirudi inaanguka. Hakuna mwezi bei imekaa sawa kwenye mwalo huu tangu nimezaliwa.

---

Kijana_Gungu

Sa kwanini wafanye mbalamwezi? Si wangechagua siku yoyote.

---

Mvuvi_Katonga

Kwa sababu wiki hiyo mwalo hauna watu usiku. Siku za giza saa nane za usiku pale Kibirizi kuna kelele kama sokoni, wachuuzi wanasubiri boti na ndoo zao. Mbalamwezi hakuna mtu, unafungua kibanda unakaa unaandika daftari lako.

---

Mzee_wa_Hesabu

Naongezea kwa nini karatasi. Kwenye mtandao majina yote ni ya watu wengine, hakuna mahali panapoonyesha hela ni ya nani hasa. Lazima mtu ajue namba ipi inamtumikia nani, na hicho hawezi kukiweka kwenye simu kwa sababu simu hukamatwa na kufunguliwa. Hilo daftari ndilo ukweli, statimenti ni kivuli chake.

Sasa binti nisikilize kama baba yako. Usilihamishe. Piga picha kila ukurasa, lirudishe na nailoni yake na gazeti lake jinsi ulivyolikuta, betri juu. Usimuulize bosi neno. Mambo haya yana Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu, ipo tangu 2006, na kampuni ya mtandao ina mtu ambaye kazi yake ni kupokea taarifa kama hii na kuipeleka kitengo cha kudhibiti fedha haramu. Wakishapokea hairuhusiwi kumdokeza anayetajwa, ni kosa. Nchi yetu iliwekwa kwenye ile orodha ya dunia ya nchi zinazofuatiliwa kwa fedha haramu Oktoba 2022 ikatoka Juni 2025, tangu hapo wanalichukulia kwa uzito. Na acha kuandika hapa. Hata kama umeficha jina, vibanda vya Kibirizi vinahesabika.

---

Binti_Kibirizi

Nimeshapiga picha mzee. Kurasa 63. Nimelirudisha.

Nitaacha kuandika. Ila naomba mtu anijibu hili moja tu. Yale maswali ya usajili, jina la mama, mahali ulipozaliwa, anaweza kuyajua nani kama siyo mwenyewe? Baba mdogo kidole chake kilikuwa hakisomeki kweli, kamba zilikuwa zimemla mikono, kila mara aliulizwa maswali. Inawezekana yupo hai upande wa pili?

---

Kijana_Gungu

Inawezekana. Kuna watu walidhaniwa wamekufa wakakutwa Kalemie wana familia.

---

Mvuvi_Katonga

Kijana usimpe mtu matumaini kwa kidole cha simu. Kusi ya Agosti nilikuwepo.

---

Mzee_wa_Hesabu

Binti, yeyote aliyewahi kumhudumia kwenye kibanda aliyasikia majibu hayo kwa sauti, mbele ya foleni. Siwezi kukuambia zaidi ya hapo.

---

Mama_Mawese (11 Desemba)

Mimi mambo ya daftari siyaelewi vizuri lakini mjukuu wangu kanisomea uzi wote. Akaniambia bibi piga *106# tuone una laini ngapi kwenye kitambulisho chako. Tumepiga. Mimi nina laini moja tu maisha yangu yote. Zimetokea tatu. Hizo mbili sizijui, moja inaishia 417 nyingine 058. Hivi ndo maana vile vidole vitatu?

---

Kijana_Gungu

Ndo maana yake mama. Kila aliposema hakijakubali kilikuwa kimekubali.

---

Kijana_Gungu (17 Desemba)

Binti_Kibirizi upo?

---

Mvuvi_Katonga (22 Desemba)

Nimepita Kibirizi leo. Kibanda kimefungwa kufuli jipya. Dada kama unasoma andika hata herufi moja.

---

Mtu_wa_Mwanga (29 Desemba)

Ile 80,000 nilirudishiwa, asante. Naulizia huyu dada kapatikana?

---

Binti_Kibirizi (9 Januari 2030, saa 4 asubuhi)

Nipo hai. Nipo kwa ndugu, siyo Kigoma mjini. Kibanda nimeacha kwa hiyo naandika.

Niliahidi kuacha nikaacha, lakini nilitaka nimuone anayeandika. Mzee najua utanigombeza. Alhamisi tarehe 20 Desemba nilifunga saa moja na nusu kama kawaida nikaenda nyumbani nikala, saa tatu nikarudi kwa njia ya chini, nikajilaza katikati ya mitumbwi. Vipe vyote vilikuwa juu, kama Mvuvi alivosema, mtu unaweza kujificha humo ng'ombe asikuone. Mawingu yalikuwepo mwanzo yakaondoka, mbalamwezi ikawa kali unaweza kusoma gazeti, mchanga mweupe, kila kivuli kinaonekana.

Saa nne akaja mtu na pikipiki ya umeme kwa hiyo sikuisikia mpaka imefika. Ana ufunguo. Siyo bosi. Ni kijana anayeniletea floti kila Jumatatu, ninayemwita kaka, aliyekuja msibani kwetu na kilo kumi za unga. Na kabla yangu kibanda kile alikaa yeye, ndiye alikuwa anamhudumia baba mdogo.

Aliwasha tochi ya simu akaingia, kupitia upenyo wa mbao nikaona mkono wake na rula. Alikuwa na simu mbili, moja anabonyeza moja anasoma. Anabonyeza, anasubiri, anaandika mstari, anapiga rula. Alifanya hivo masaa mawili bila kuinuka. Kuna wakati nilimsikia kabisa anataja jina la bibi yangu, mama yake baba mdogo, taratibu kama mtu anayejibu mwalimu. Nadhani alikuwa anajikumbusha jibu.

Kama saa sita akatoka nje kupiga simu. Akasimama hatua labda kumi kutoka nilipo, anaongea Kiswahili cha kawaida, nikasikia "kuna mtu ameomba statimenti dukani, wameniambia" alafu kimya alafu "hapana, binti yule yule". Nikabana pumzi. Akawasha tochi akaanza kumulika mitumbwi, mmoja mmoja, kuanzia upande wa gati. Ningeinuka tu angeniona, mbalamwezi ile hakuna pa kwenda.

Sijui kama wengine mliuona mwezi usiku ule. Ulikuwa umeshaanza kuliwa pembeni. Mi sikujua kama utapatwa, sikuwa nimesikia redio. Yule kaka alimulika kama mitumbwi saba akaitwa na simu tena, akarudi ndani akakaa muda mrefu, nami nimelala palepale nusu ya mwili imekufa ganzi. Mwezi ukaendelea kupungua mpaka ilipofika kama saa saba na robo ukazama wote, ukawa mwekundu kama mawese yanayochemka, na giza likashuka kama siku za dagaa. Nyota zikatoka. Hapo ndo nikainuka. Nilitembea kwa magoti mpaka kwenye miembe alafu nikakimbia kupanda barabara ya kwenda Mwanga bila viatu. Nilipogeuka nikaona tochi inatoka kibandani, na kwenye mwanga wake amekumbatia kitu kifuani kwenye nailoni.

Daftari limeondoka. Nina picha tu.

---

Mzee_wa_Hesabu

Nashukuru Mungu uko salama, kugombeza ni baadaye. Picha ulizolipiga daftari ni msaada lakini wakili wa upande wa pili atasema uliandika mwenyewe ukapiga picha. Inatakiwa ishikiliwe na kitu kingine kisichotoka kwako. Statimenti ya namba mojawapo ya zile 41 ingetosha, kwa sababu ingeonyesha hela ilitoka wapi kabla ya kufika kibandani kwako na ilikwenda wapi baada. Tatizo statimenti hupewa mwenye laini peke yake, akiwa na kitambulisho chake. Ya marehemu au aliyepotea inahitaji karatasi za mahakama na nyie hamna hata cheti cha kifo.

---

Binti_Kibirizi (siku hiyohiyo, saa 8 mchana)

Mzee subiri. Nimerudi kusoma uzi tangu mwanzo, sikuwahi kuona alichoandika Mama Mawese tarehe 11.

Mama laini zako ulisema zinaishia 417 na 058. Nimefungua picha ya ukurasa wa mwisho. Namba ya 30 inaishia 417. Imepewa jina la mtumbwi SUBIRA. Ya 058 haipo.

Mama naomba unitumie hiyo namba nzima inboksi tulinganishe.

---

Binti_Kibirizi

Ni yenyewe. Tarakimu zote kumi.

---

Mzee_wa_Hesabu

Mama Mawese, shikamoo. Hiyo laini hujawahi kuishika, lakini kwa maandishi ni yako, kidole ni chako, kitambulisho ni chako. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye haki zaidi yako ya kuomba statimenti yake. Usiwaambie unataka kuifunga, ukisema kufunga wataifunga na wenyewe watajua ndani ya dakika moja. Sema unataka statimenti ya miezi sita kwa ajili ya mkopo. Nenda duka la Kigoma mjini au hata Kasulu, siyo lile alikoenda binti. Na nenda na mjukuu.

---

Kijana_Gungu

Mi nina pikipiki nitawapeleka Kasulu bure kesho asubuhi. Na samahani dada, niliposema kula asilimia nyamaza.

---

Mama_Mawese (10 Januari 2030, saa 9 alasiri)

Tumeipata. Binti wa dukani aliniuliza mama unafanya biashara gani kubwa hivi, nikamwambia mawese. Kurasa 27.

Mjukuu ananisomea. Hela inaingia kutoka kwa namba nyingi ndogondogo, alafu usiku inatolewa kwa wakala wa Kibirizi 950,000. Tarehe zinafanana na zile alizotaja binti, 19 mpaka 23 Novemba, na tena Desemba. Lakini siyo yote inayotolewa. Kila mwisho wa mwezi kuna inayobaki kidogo, na hiyo inatumwa moja kwa moja kwa namba moja, ileile kila mwezi, bila kupitia kwa wakala. Na pembeni limetokea jina la mwenye namba, majina matatu kamili.

Hilo jina nalijua. Kigoma nzima inalijua.

---

Mzee_wa_Hesabu

Usiliandike hapa mama. Hapo ndipo walipochoka kulipa makato wakaona kiasi ni kidogo.

---

Mama_Mawese

Siandiki. Nimeziweka kwenye ndoo ya mawese, mfuko juu, mfuniko. Tumerudi mpaka hapa Manyovu njiapanda, kijana wa pikipiki anasubiri. Mwanangu wewe uko wapi, nani anatupokea? Sitaki karatasi hizi zilale kwangu.

---

Binti_Kibirizi

Nimekutumia mahali inboksi mama. Mzee yupo hapa na mimi, na mtu wa mtandao kutoka makao makuu ameshuka na treni asubuhi. Njoo na kitambulisho.

---

Mvuvi_Katonga

Mimi natoa mtumbwi jioni hii, mwezi bado mchanga unazama mapema. Dada, nitapita upande wa Kagunga niulize tena kuhusu mzee wako. Siahidi kitu.